Damu Ikipungua Chuma: Majibu ya Maabara Yanasema Nini?

Tumchukue mama lishe wa miaka 34. Kwa miezi kadhaa sasa anaamka amechoka kana kwamba hakulala. Akipanda ngazi moyo unamwenda mbio, na ikifika alasiri kichwa kinamgonga. Amepima malaria, hana. Presha yake haina tatizo. Dawa za maumivu zinamtuliza kwa saa chache tu. Hakuna aliyemuuliza kuhusu hedhi, ambayo kwake hutoka nyingi kwa siku nane, wala kuhusu udongo wa pemba anaoutafuna kila siku. Mambo hayo mawili yanaelekeza kwenye upungufu wa madini ya chuma.

Chuma ndicho kiini cha himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Ikipungua, misuli na ubongo hupata oksijeni pungufu, na moyo hulazimika kupiga haraka ili kufidia. Ndipo huja uchovu, kuhema, kizunguzungu na kwa wengine kichwa kuuma.

Chuma kinakwishaje? Kila mililita mbili za damu zinazotoka huondoka na takriban miligramu moja ya chuma. Mama huyu akipoteza mililita 100 katika hedhi moja, amepoteza miligramu 50. Ukizigawa kwa siku za mwezi, ni karibu miligramu moja na nusu hadi mbili kila siku, juu ya ile moja ambayo mwili hupoteza kwa kawaida. Chakula cha kawaida humwingizia mtu miligramu moja au mbili tu kwa siku. Matumizi yamezidi mapato, na kila mwezi akiba inachotwa.

Akiba hiyo hutunzwa hasa kwenye ini, ikiwa imefungwa ndani ya protini iitwayo feritini. Mwili hula akiba kwanza, na himoglobini hushuka baadaye. Kwa hiyo mtu anaweza kupimwa wingi wa damu akaambiwa uko sawa, ilhali ghala limebaki tupu na uchovu umeshaanza.

Majibu ya mama huyu yanaonyesha hatua zote. Himoglobini, inayoandikwa Hb, ni 11.2. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya gramu 12 kwa desilita kuwa upungufu wa damu. Kwa mwanamume ni chini ya 13. Katika picha kamili ya damu, mstari wa MCV unaonyesha 74. Hicho ni kipimo cha ukubwa wa chembe nyekundu, na kwa kawaida huwa kati ya 80 na 100. Chembe zake ni ndogo kwa sababu zinatengenezwa bila chuma cha kutosha. Feritini ni 6, na kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine, chini ya 15 ni dalili kwamba akiba imekwisha.

Majibu haya yana mitego. Feritini hupanda mtu akiwa na homa, maambukizi au uvimbe mwilini, hivyo kipimo kilichochukuliwa wakati wa malaria kinaweza kuonekana kizuri huku akiba ikiwa haba. Chembe ndogo nazo si lazima zitokane na chuma. Thalasemia, ugonjwa wa kurithi, huzifanya ndogo vilevile, na kumeza chuma hakutazikuza.

Mama huyu aliandikiwa vidonge vya chuma. Chai na kahawa huzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo asivimeze navyo; akae saa moja au mbili kabla ya kunywa chai. Choo kitakuwa cheusi, na hilo si la kumtisha. Baada ya wiki nne Hb inatarajiwa kupanda kwa gramu moja hadi mbili. Wengi huacha dawa hapo, kwa kuwa nguvu zimerudi. Lakini ghala bado halijajaa, ndiyo maana dawa huendelezwa kwa takriban miezi mitatu baada ya Hb kufika kiwango cha kawaida.

Hb isipopanda, daktari huuliza tena: je, vidonge vinamezwa? Je, damu bado inapotea? Hedhi nyingi inaweza kusababishwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni. Na mwanamume, au mwanamke aliyekwisha koma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma, asiridhike na vidonge peke yake. Achunguzwe tumbo na utumbo, kwani kidonda au saratani huweza kuvuja damu kidogo kidogo kwa muda mrefu bila maumivu yoyote.