Saa ya Mchezo Iliyoliwa Nusu

Ukicheza gemu ya mpira kwenye pleisteshen, saa ya mchezo na matokeo hukaa juu kushoto. Kwenye baadhi ya TV utayakuta yameliwa nusu. Waya ni mzima na mashine haina tatizo. TV ndiyo inayokata picha, tena kwa makusudi.

Mtindo huo ulianzia kwenye TV za chogo. Ndani yake mwale wa elektroni ulichora picha mstari kwa mstari, na ukubwa wa picha haukutulia: umeme ukipungua ilisinyaa, vifaa vya ndani vikichakaa ilisogea. Ili mtazamaji asione kingo nyeusi, watengenezaji waliikuza picha hadi ikapita ukingo wa kioo. Flati haina mwale huo, kila nukta ina mahali pake pasipobadilika, lakini nyingi zimeendelea kutoka kiwandani zikikuza vilevile. Mazoea tu.

Tuseme mashine inatoa picha ya nukta 1920 kwa 1080, na TV inakata asilimia 2.5 kila upande. Zinapotea nukta 48 kushoto na 48 kulia, 27 juu na 27 chini. Zinazobaki, 1824 kwa 1026, zinavutwa zijaze kioo kizima. Kwa hiyo haziumii kingo peke yake. Picha yote inapungua ukali, na maandishi madogo ndiyo yanayoumbua mambo.

Wengi hukimbilia mashine. Kwenye PS4 wanaingia `Settings`, `Sound and Screen`, kisha `Display Area Settings`, na kuipunguza picha mpaka kingo zionekane. Saa ya mchezo inarudi, ila sasa mashine inaibana picha na TV inaivuta tena. Ukungu unaongezeka badala ya kuondoka.

Anza na TV. Shika rimoti, fungua sehemu ya ukubwa wa picha, hakikisha ni `16:9`, halafu tafuta chaguo la kuonyesha picha bila kuikuza. LG huliita `Just Scan`, Samsung `Fit to Screen`, Sony `Full Pixel`. Ukishaliwasha, rudi kwenye mashine uijaze picha hadi mwisho, la sivyo utabaki na mpaka mweusi pande zote. Ukihamishia waya kwenye tundu jingine la HDMI na picha ikaanza kukatwa tena, usishangae: TV nyingi huhifadhi mpangilio huu kwa kila tundu peke yake.

TV nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768. Hapo picha itaenea yote bila kukatwa, lakini nukta haziwezi kulingana moja kwa moja, na ukungu kidogo utabaki. Na kama TV yako haina chaguo hilo kabisa, kupunguza kwenye mashine ndiyo njia iliyobaki.