Bukavu: Mwaka 2024 primu ya mwisho wa mwaka ilikatwa kodi zaidi kuliko ile ya kila mwezi

Majirani wawili wa Bukavu walilinganisha karatasi zao za mshahara za mwaka 2024. Kila mmoja anafanya kazi katika shirika lake, lakini mshahara ni ule ule: faranga za Congo 1.600.000 kwa mwezi kabla ya makato. Primu pia ni moja, 1.800.000 kwa mwaka mzima. Wote wawili hawana mke wala mtoto wa kuhesabiwa kwenye kodi. Hata hivyo, mmoja alibaki na faranga 214.500 zaidi ya mwenzake, karibu dola 75 kwa bei ya wakati ule.

Tofauti ni moja tu. Wa kwanza alipewa primu yote katika mwezi wa 12. Wa pili alipewa 150.000 kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza.

Mwaka 2024, kodi iliyokatwa kwenye mshahara iliitwa IPR. Mwajiri alikuwa anaikata na kuipeleka DGI si zaidi ya tarehe 15 ya mwezi uliofuata. Mbele ya kodi hiyo, asilimia 5 inatolewa kwa ajili ya CNSS, na kinachobaki ndicho kinachopigiwa hesabu ya kodi. Kwa ngazi za mwaka 2024, faranga 162.000 za kwanza za mwezi zilikatwa asilimia 3. Kutoka hapo mpaka 1.800.000 ilikuwa asilimia 15. Kilichozidi 1.800.000, mpaka 3.600.000, kilikatwa asilimia 30, na juu zaidi ilikuwa 40.

Kwa mwezi wa kawaida, jirani wa kwanza anatoa 80.000 za CNSS na kubaki na 1.520.000. Kodi yake ni 208.560. Yuko chini ya mpaka wa 1.800.000, kwa hiyo ngazi ya asilimia 30 haimgusi.

Katika mwezi wa 12 karatasi yake inaonyesha jumla ya 3.400.000. CNSS inachukua 170.000, na 3.230.000 inaingia kwenye hesabu ya kodi kana kwamba ni mshahara wa kila siku. Faranga 1.430.000 zinavuka mpaka na kukatwa asilimia 30. Kodi ya mwezi huo inafika 679.560. Katika primu ya 1.800.000, mkononi mwake zimeingia 1.239.000.

Jirani wa pili hakuvuka mpaka hata mwezi mmoja. Kwa 1.750.000 kila mwezi, baada ya CNSS anabaki na 1.662.500, na nyongeza yote inakatwa asilimia 15 tu. Primu ile ile imemwachia 1.453.500 kwa mwaka.

Wafanyakazi wengi wanadhani kwamba kuna kodi ya pekee juu ya primu. Hapana. Sheria ya kazi inahesabu primu na mwezi wa 13 kuwa sehemu ya malipo, sawa na mshahara. Shida inatoka kwenye namna ya kuhesabu. Sheria ya kodi iliandika ngazi hizo kwa mwaka: mpaka wa asilimia 30 ulikuwa faranga 21.600.000, na ofisi za malipo ziliugawanya kwa 12. Jirani wa kwanza, pamoja na primu yake, alifikisha 19.950.000 kwa mwaka baada ya CNSS. Kwa hesabu ya mwaka mzima hakuvuka mpaka, na kodi yake ingekuwa 2.759.220, sawasawa na ya mwenzake. Kwa hesabu ya mwezi kwa mwezi alikatwa 2.973.720.

Kila mfanyakazi anaweza kujipima kwa karatasi zake za mwaka 2024. Atazame kwenye karatasi ya mwezi wa primu kiasi kilichopigiwa kodi. Kama kimepita 1.800.000 bila kuzidi 3.600.000, na miezi mingine iko kati ya 162.000 na 1.800.000, achukue kilichozidi na kukipiga asilimia 15. Kisha ajumlishe viasi vya miezi yote 12. Kama jumla haifiki 21.600.000, jibu alilopata ndiyo tofauti ya kuulizia kwa mhasibu, karatasi zote 12 zikiwa mkononi.

Tofauti hiyo haimhusu kila mtu. Mwenye mshahara mdogo, ambaye hata pamoja na primu habishi mlango wa 1.800.000 na tayari anazidi 162.000 kila mwezi, anakatwa sawa kwa njia zote mbili. Vilevile kwa yule ambaye kila mwezi yuko kwenye asilimia 30, na primu haimfikishi kwenye 40.

Tena, kugawanya primu kuna upande wake. Faranga 150.000 za kila mwezi zinaliwa pamoja na unga na makala, wakati pesa ya mwezi wa 12, hata ikikatwa, inaweza kulipa kodi ya nyumba ya miezi kadhaa kwa mara moja. Jirani wa kwanza ameomba mwajiri wake agawanye primu mara mbili. Kwa mshahara wake, hiyo ingepunguza hasara kutoka 214.500 mpaka 172.500. Mara nne ingeifikisha 88.500.