Kidakuzi Chako Kinaweza Kukusaliti kwa Njia Mbili

Itifaki ya HTTP, inayobeba kurasa za tovuti, haina kumbukumbu. Ukifungua ukurasa wa salio kisha ukabofya taarifa ya mwezi, kwa seva hayo ni maombi mawili yasiyojuana. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni njia ya kuliziba pengo hilo: kidakuzi, ambacho wengine huita kuki.

Ukishaandika jina na nenosiri, seva hufungua rekodi yako, huipa namba ya nasibu isiyokisika, kisha hukutumia namba hiyo pamoja na jibu:

```
Set-Cookie: kipindi=8f3ac1d97b42
```

Namba halisi huwa ndefu zaidi. Rekodi iliyobaki kwenye seva ndiyo kipindi. Kidakuzi ni namba yake tu, na kivinjari huirudisha katika kila ombi liendalo kwenye tovuti ile bila kukuuliza. Ni kama kibao unachopewa ukiacha mzigo stendi: karani haangalii sura yako, anaangalia namba. Kwa hiyo mwizi hahitaji nenosiri lako.

Oktoba 2010 Eric Butler, mtayarishaji programu wa Marekani, alilionyesha hilo kwa namna iliyowaaibisha wakubwa. Alitoa Firesheep, programu nyongeza ya kivinjari cha Firefox. Ukiwa kwenye waifai ya wazi mkahawani, iliorodhesha watu waliokuwa wameingia Facebook au Twitter karibu nawe. Ukibofya jina la mtu mara mbili, unaingia kwenye akaunti yake. Tovuti nyingi wakati huo zilisimba ukurasa wa kuingilia peke yake, kisha zikamrudisha mtumiaji kwenye HTTP ya kawaida. Nenosiri lilifichwa, lakini namba ya kipindi ikapita hewani waziwazi kila ukurasa ulipofunguliwa.

Sifa ya `Secure` hukataza hilo: kivinjari hakitakituma kidakuzi ila kwa HTTPS. Wapo wanaodhani kwamba tovuti ikishahamia HTTPS yote, neno hilo halina kazi tena. Sivyo. Anayeudhibiti mtandao wa mkahawa anaweza kuchomeka, ndani ya ukurasa wowote usiosimbwa unaoutazama, amri ya kukuhamishia kwenye anwani inayoanza na `http://` ya benki yako. Kivinjari kitaifuata na, bila `Secure`, kinaweza kubeba kidakuzi. Hata kama benki haina ukurasa mmoja wa HTTP, namba inaweza kuwa imeshaonekana njiani.

Njia ya pili ni ya hila zaidi, kwa sababu namba haiibwi hata kidogo. Umeingia benki, kisha kwenye dirisha jingine ukafungua tovuti ya matokeo ya mpira. Ndani yake imefichwa fomu:

```
<form action="https://benki.example/tuma" method="POST">
  <input name="kiasi" value="200000">
</form>
```

Msimbo mfupi huituma fomu hiyo yenyewe, pamoja na akaunti ya kupokea fedha. Ombi linakwenda benki kwa HTTPS, na kivinjari kinaambatisha kidakuzi chako kama kawaida. `Secure` haina la kusema hapo. Mshambuliaji hajaiona namba yako. Amekitumia tu kivinjari chako.

Sifa ya `SameSite` humaliza udhaifu huo kwa kuangalia ombi limeanzia wapi. Kwa `Strict`, ombi lililoanzia tovuti nyingine halibebi kidakuzi kamwe. Ni salama, ila ukibofya kiungo cha benki kwenye barua pepe unayoisomea mtandaoni, utafika kama mtu ambaye hajaingia. `Lax` hulegeza hapo tu: ukibofya kiungo kidakuzi huenda, lakini kwa fomu ya POST au picha kutoka kwingine hakiendi. Mwaka 2020 Chrome ilianza kukichukulia kidakuzi kisichotaja sifa hii kama `Lax`. Si vivinjari vyote vilivyofuata, hivyo mtayarishaji aiandike mwenyewe.

Hata `Lax` ina mipaka. Tovuti inayohamisha fedha kwa kiungo tu, bila fomu ya POST, inajiumbua yenyewe. Na msimbo mbaya uliopenya ndani ya benki yenyewe haumo katika ulinzi huu, maana ombi lake limeanzia nyumbani. Kwa kidakuzi cha kipindi ningeridhika na mstari huu, ambao `HttpOnly` yake inazuia msimbo wa ukurasa usiisome namba:

```
Set-Cookie: kipindi=8f3ac1d97b42; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax
```

Ukitaka kukagua tovuti unayoitumia, ingia, bonyeza F12 kwenye Chrome ya kompyuta, fungua `Application` kisha `Cookies`. Safu za `Secure` na `SameSite` zimo humo. Ukikuta kidakuzi cha kipindi cha ofisi yenu hakina alama kwenye `Secure`, waambie mafundi wenu leo; marekebisho yake ni neno moja.