Kuua kwa Kutofanya Kitu

Nelly alikuwa na miaka 7 alipokufa kwa njaa nchini Uingereza, katika nyumba isiyokosa chakula. Baba yake, Gibbins, alikuwa na kazi yenye mshahara mzuri, na pesa za matumizi alimkabidhi Proctor, mwanamke aliyeishi naye kinyumba. Watoto wengine wa nyumba ile walikula na walikuwa na afya. Nelly alitengwa nao, akanyimwa chakula mpaka akafa. Baba akamzika kwa siri.

Mwaka 1918 wote wawili walitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, wakakata rufaa, wakashindwa.

Kwa kawaida sheria ya Uingereza haimwadhibu mtu kwa kukaa tu. Mpita njia anayemwona mtoto wa watu akizama, akaendelea na safari yake, atalaaniwa na majirani lakini hana kesi ya kujibu. Swali la kwanza la mahakama huwa ni hili: nani alikuwa na wajibu?

Kwa Gibbins jibu lilikuwa jepesi, kwani alikuwa mzazi. Kutoa pesa ya chakula hakukumwokoa, maana alilala nyumba hiyohiyo na mtoto alikuwa akikonda chini ya dari lake. Proctor ndiye aliyekuwa na hoja ya kusikilizwa: hakumzaa Nelly, na hakuna aliyemlazimisha kumlea. Majaji wakasema ndiyo, hakulazimika, lakini alikubali. Alishika malezi ya mtoto na kupokea pesa za kumlisha, na wajibu ukaanzia hapo. Akina mama wa kambo, wajomba na wengine wanaolea watoto wasio wao wamo humo.

Tanzania imeandika wazo hilo katika Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 206 kinamtaka anayemtunza mtu asiyejiweza, awe mtoto au mgonjwa, kumpatia mahitaji ya uhai. Akizembea kupita kiasi na mtu huyo akafa, ni kuua bila kukusudia. Ikithibitika alimwacha akiwa na dhamira ya kumuua au kumdhuru vibaya, linakuwa kosa la mauaji. Ndiyo maana afya ya wale watoto wengine ilikuwa ushahidi mzito: sufuria ilikuwa na chakula, ila mmoja tu hakupakuliwa.

Si lazima mtoto afe ndipo kosa litimie. Kifungu cha 167 kinamgusa mzazi au mlezi anayemnyima mtoto chakula, nguo au matandiko hadi afya yake ikadhurika, ilimradi alikuwa na uwezo wa kuvitoa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomkinga maskini. Hata hivyo kinga hiyo ina mpaka. Sheria ya watoto ya Uingereza ya mwaka 1933 inamhesabu mzazi asiye na kitu kuwa ametelekeza iwapo hakuchukua hatua ya kuutafuta msaada uliowekwa na serikali kwa ajili ya watu kama yeye.