Tangi Limejaa, Ushahidi Uko Wapi?

Fundi akiulizwa na mteja mpya kama amewahi kufanya kazi kama anayoitaka, kwa kawaida hufungua simu na kumtumia picha kumi kwa mpigo. Mteja anaona matangi kumi meusi yamesimama kando ya kuta kumi. Hajui lipi lilikuwa la nani, lilifungwa kwa sababu gani, wala kama mwaka mmoja baadaye lilikuwa bado linatoa maji. Anauliza bei, anaambiwa, ananyamaza.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini tangi la maji ya mvua hukaa nyuma ya nyumba, ndani ya ukuta, ambako mpita njia halioni. Uzuri wake mkubwa, yaani boza ambalo halikuitwa, haupigiki picha. Kazi ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuisimulia, na simulizi yake huanza kuandaliwa kabla fundi hajachimba msingi.

Tuchukue mfano wa nyumba ya familia mjini Dodoma, mji unaopata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Nyumba ina paa la bati la mita za mraba 120. Familia inatumia lita 200 kwa siku, na hununua boza la lita 5,000 kila baada ya siku 25 hivi. Fundi amepewa kazi ya kufunga gata, bomba la kushushia maji na tangi la lita 10,000.

Siku ya kwanza ya kazi ndiyo inayopotezwa na mafundi wengi. Huyu wetu anasimama penye kona moja ya ua, anapiga picha ya ukuta mtupu na madumu yaliyopangwa, kisha anaweka alama mahali aliposimama ili picha ya mwisho ipigwe kutoka hapo hapo. Anamwomba mama mwenye nyumba amwonyeshe risiti za boza za miezi mitatu iliyopita. Risiti hizo zina uzito kuliko sifa zozote zitakazotolewa baadaye, kwa sababu bila hali ya mwanzo hakuna anayeweza kuonyesha kilichobadilika. Tangi likishasimama, ukuta mtupu haurudi tena.

Picha nazo zina hifadhi yake. Ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hubanwa na kupoteza taarifa za tarehe na mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama faili, hubaki ilivyo. Nakala moja iwekwe nje ya simu, maana simu huibiwa na mwaka mzima wa kazi huenda nayo.

Baada ya hapo ni suala la kujua wakati wa kuuliza. Siku ya kukabidhi kazi mteja ana furaha, lakini hana la kueleza zaidi ya “kazi nzuri, fundi, Mungu akubariki”. Dua hiyo ni njema, ila haimsaidii mgeni anayetaka kujua kama atolee pesa yake. Akiulizwa baada ya miaka miwili, atakuwa amesahau usumbufu wa zamani. Kwa tangi la mvua, wakati mzuri ni mara tu msimu mmoja unapokwisha, madumu yakiwa bado kwenye kumbukumbu.

Fundi anarudi mwezi Juni, anakagua gata, kisha anaomba ruhusa ya kurekodi sauti. Haombi sifa. Anauliza mambo matatu na kuacha mtu aseme. “Mama, kabla ya tangi mlikuwa mnapataje maji? Ulipotaka kunipa kazi, uliogopa nini? Na tangu Januari, kimebadilika nini?”

Swali la katikati ndilo lenye thamani kubwa. Mama akijibu, “Fundi, niliogopa maji ya bati yatakuja na mavumbi na kinyesi cha ndege,” ametaja hofu ile ile iliyo moyoni mwa mteja ajaye. Na akiendelea kueleza kwamba alionyeshwa kile kipande cha bomba kinachotega maji ya kwanza yaliyoosha bati, ili yasiingie tangini, basi yeye ndiye amemjibu mteja huyo. Fundi angesema maneno hayo hayo mwenyewe, yangesikika kama ya muuzaji.

Sauti ile huandikwa na kufupishwa bila kuongezwa neno ambalo mama hakulisema. Kisha anasomewa, anarekebisha, na anaridhia kwa maandishi: jina litumike au lisitumike, picha ya nyumba ionekane au isionekane. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinataka mtu aridhie matumizi ya taarifa zake, na akibadili nia baadaye ana haki ya kuondoa ridhaa yake. Asiyetaka kutajwa anaweza kuandikwa “familia ya watu watano, Dodoma”, na ushahidi ukabaki mzima.

Sasa simulizi inaandikwa, nayo haizidi ukurasa mmoja. Inaeleza shida, kilichofungwa na sababu yake, kilichotokea, na maneno ya mama. Hesabu iwe wazi kiasi cha mtu kuirudia kwa kidole. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa hili, baada ya kutoa sehemu ya tano inayopotea njiani, linaingiza lita 96 kwa kila milimita, hivyo mvua ya milimita 104 hivi hujaza tangi tupu. Katikati ya Aprili mvua ikikoma tangi likiwa limejaa, lita 10,000 kwa matumizi ya lita 200 zinatosha siku 50, hadi mwanzoni mwa Juni. Tangu mwanzoni mwa Januari, hayo ni maboza sita yasiyonunuliwa.

Hapo kishawishi cha kuandika “hawanunui maji tena” ni kikubwa. Si kweli, na mkazi yeyote wa Dodoma atajua. Kuanzia Juni boza linarudi mpaka mvua nyingine, na hilo liandikwe. Vivyo hivyo, kama mvua ya kwanza ilivujisha kiungo cha gata na fundi akarudi kesho yake kukiziba, sentensi mbili za tukio hilo ziachwe ndani.

Karatasi hii ina mipaka yake. Zabuni za serikali ya Tanzania, ambazo sasa hupitia mfumo wa NeST, hutaka ushahidi rasmi wa kazi za nyuma, kama mikataba na hati za kukamilisha kazi. Maneno matamu ya mteja hayajazi nafasi hiyo, kwa hiyo hati iombwe siku ile ile ya makabidhiano. Simulizi hufanya kazi kwa mwenye nyumba, mwenye gesti, au kamati ya shule.

Na haitumwi kwa fungu. Mwenye gesti ya vyumba vinane hutumiwa simulizi moja inayokaribiana na paa lake na shida yake, kabla ya bei. Akiisoma vizuri, swali lake la kwanza huenda likawa, “Kile kiungo kilichovuja, fundi, kwangu utakifungaje?”