Kadi ya Gold na hesabu ya mwaka wa pili

Wasafiri wa kikazi huionea sana wivu launji ya uwanja wa ndege, ule ukumbi wenye makochi, chakula na intaneti unaofunguliwa kwa wachache. Unaweza kuingia kwa sababu tiketi yako ni ya biashara, kwa kulipa, au kwa sababu shirika limekupandisha daraja kutokana na safari zako nyingi. Hili la tatu lina njia ya mkato. Ukiwa na daraja la juu kwa shirika moja, shirika pinzani linaweza kukupa daraja la kulingana nalo ili likuvute kwake. Unatuma picha ya kadi na taarifa ya akaunti inayoonyesha kwamba ulilipata daraja hilo kwa kusafiri. Mara nyingi wanaolipata kwa njia hiyo hiyo ya kulinganishiwa hukataliwa.

Tuchukue mhasibu wa Dar es Salaam. Kazi yake ya zamani ilimpeleka Ulaya mara kwa mara kwa Ethiopian, akapata Gold ya ShebaMiles. Sasa amebadilisha kazi, na kila mwezi anakwenda Nairobi kwa Kenya Airways. Kadi yake haimfai kitu huko, kwa kuwa Ethiopian iko Star Alliance na Kenya Airways iko SkyTeam. Anaamua kuandikisha safari zake Flying Blue, mpango wa Air France na KLM unaozihesabu pia safari za Kenya Airways, na tuseme anabahatika kulinganishiwa Gold. Kwa kadi hiyo ataingia launji za SkyTeam pamoja na mgeni mmoja, hata kama tiketi yake ni ya daraja la kawaida, mradi siku hiyo anasafiri kimataifa kwa ndege inayorushwa na shirika la SkyTeam lenyewe.

Tatizo ni mwaka wa pili. Flying Blue hupima daraja kwa pointi ziitwazo XP. Safari fupi ya kimataifa, isiyofika maili 2,000, humpa abiria wa daraja la kawaida XP 5 kwa kila ruka. Dar hadi Nairobi na kurudi ni 10, na kwa mwaka mzima ni 120. Kubaki Gold kunahitaji 180, kwa hiyo atashuka hadi Silver, ambayo humpa foleni fupi na nafuu ya mizigo, lakini mlango wa launji haumfungukii.

Hapo ndipo watu huanza kukimbiza. XP 60 zinazopungua ni safari sita zaidi za kwenda na kurudi. Tiketi moja ikiwa dola 250, hizo ni dola 1,500 za mfukoni, kwa ajili ya kukaa kwenye kochi. Uanachama wa kawaida wa Priority Pass, unaouza nafasi za launji bila kujali unapanda ndege gani, umekuwa ukitangazwa kwa dola 99 kwa mwaka na dola 35 kila ukiingia. Akiingia mara moja kila mwezi atalipa dola 519. Hata hizo ni nyingi kwa safari ya saa moja na ushee, ambayo mtu mwenye begi la mkononi anaweza kufika uwanjani, akakaguliwa na kupanda bila hata kuketi.

Mwenzake anayekwenda Kampala kila mwezi ana hesabu nyingine. Akipitia Nairobi, anaruka mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, na kila ruka huhesabiwa peke yake. Hiyo ni XP 20 kwa safari, 240 kwa mwaka. Huyu asingeweza kupanda hadi Gold kutoka chini ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu angehitaji 100 za Silver kwanza na 180 nyingine juu yake, ila akishawekwa hapo juu anaweza kubaki. Isitoshe, saa za kungoja Nairobi ndizo zinazoifanya launji iwe na maana: anaoga, anakula, anafungua kompyuta. Lakini kama anaacha ndege ya moja kwa moja ya Dar hadi Entebbe kwa sababu ya XP tu, basi anajinunulia launji kwa nusu siku yake.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma ombi, piga hesabu ya pointi ambazo safari zako za kazini zingekupa bila kuongeza hata moja. Zikitosha kulibakiza daraja, omba, na uombe karibu na miezi yako ya safari nyingi, kwa sababu mashirika mengi hutoa daraja la majaribio kwa miezi michache tu na humkubalia mtu mara moja. Zisipotosha, iulize benki yako kama kadi uliyonayo tayari inaruhusu kuingia launji, na mara ngapi kwa mwaka.