Dhamana ni jirani yako: mkopo wa kikundi ukiuangalia kutoka Mwakirunge

Ukiingia Mwakirunge nyuma ya lori la taka utaona biashara ambazo benki hazijui ziweke wapi. Kuna anayenunua chupa za plastiki kutoka jaani na kuziuza kwa kilo, muuza mahamri, fundi wa nguo, mwenye kuku na mwenye genge la mboga. Wengi hapa, kama sehemu nyingi za Pwani, wanaishi kwenye ardhi isiyo na hati. Ukienda kuomba mkopo unaulizwa swali moja tu: utaweka nini rehani? Huna hati, huna logbuku, basi mazungumzo yameishia hapo.

Mkopo wa kikundi unaweka watu mahali pa hati. Hapa Kenya shirika la K-Rep liliueneza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia mpango wake wa Juhudi, uliofuata mfano wa Benki ya Grameen ya Bangladesh. Watu watano wanaojuana walijiunga wakaitwa, kwa urahisi kabisa, watano. Makundi kama hayo yakifika sita yalikutana pamoja kila wiki. Ukikwama, wa kwanza kukulipia ni wanne wako, kisha kikundi kikubwa.

Hebu tupige hesabu. Tuseme hao watano wa Mwakirunge tuliowataja wameungana. Wiki 8 za kwanza hakuna mkopo, ni kuweka akiba tu ya shilingi 200 kila mmoja. Watu wengi wanaziona wiki hizi kama za kupotezewa muda. Sisi tunaona ndizo wiki muhimu kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo unagundua nani huchelewa, nani hutuma mtoto na visingizio, na nani hulipa hata siku ya mvua. Ukiwa na wasiwasi na mtu, muda wa kusema ni huo, kabla hujaweka sahihi.

Kisha kila mmoja anapata shilingi 24,000 kwa miezi 6. Riba na ada zote pamoja ni asilimia 10 ya mkopo, kwa hivyo anarudisha 26,400. Ukigawa kwa wiki 24 ni 1,100 kwa wiki, na akiba ya 200 inaendelea juu yake. (Viwango hivi ni vya mfano wetu. Kila mkopeshaji ana vyake, na lazima uvione kwenye karatasi.)

Wiki moja mwenye kuku hana kitu, ugonjwa umepita bandani. Wanne wengine wanachanga 275 kila mmoja, ile 1,100 inatimia na kikundi hakiandikwi deni. Wiki inayofuata anawarudishia. Hapo mfumo umefanya kazi yake, na mkopeshaji huenda asijue hata kama kulikuwa na shida.

Sasa tuchukue siku mbaya. Amelipa wiki 12, halafu anahama bila kuaga na simu imezimwa. Bado anadaiwa wiki 12, yaani 13,200. Akiba yake ni wiki 20 mara 200, jumla 4,000, na hiyo ndiyo inakatwa kwanza. Zinabaki 9,200. Ukigawa kwa wanne, kila mmoja anabeba 2,300 ambazo hakuzikopa wala hakuzila. Kwa muuza mahamri hizo ni zaidi ya wiki mbili za marejesho yake mwenyewe. Kumbuka pia kwamba wakopeshaji wengi hawatoi mkopo mwingine mpaka deni la kikundi liishe, kwa hivyo hata aliyelipa vizuri anakaa kusubiri.

Mdhamini, kwa lugha ya mtaani, ni mtu anayelipa. Si shahidi wa tabia nzuri. Tena kuna fomu nyingi zinazoomba uorodheshe vitu vya nyumbani kama televisheni, makochi au friji. Kwa hiyo ile habari ya "bila rehani" mara nyingine si kamili, na ukurasa huo usome polepole.

Vikundi huvunjika kwa sababu zinazofanana. Kubwa ni mkopo wa kuazima jina. Mwanachama mmoja anataka pesa zaidi ya kiwango chake, basi anamwambia shoga yake, "Wewe chukua, nipe mimi, nitalipa." Kwenye vitabu ni wakopaji wawili, kumbe mzigo ni wa mmoja. Dalili yake ni rahisi kuiona. Marejesho ya watu wawili yanatoka simu moja kila wiki, au mtu amechukua mkopo wa biashara na biashara yake haijaongezeka hata gunia moja.

Sababu nyingine ni kazi moja. Kikundi ambacho wote wanaishi kwa kuokota na kuuza plastiki kitafanya vizuri mpaka bei ya kilo ishuke. Siku hiyo wote wanakosa pamoja na hakuna wa kumbeba mwenzake. Wale watano wa mfano wetu wako salama kidogo kwa sababu homa ya kuku haigusi cherehani.

Halafu mikopo hukua kwa mwendo tofauti. Mmoja ametosheka na 24,000, mwingine sasa anataka 150,000 za kununua pikipiki ya mizigo. Je, mwenye mdogo amdhamini mwenye mkubwa? Kwa maoni yetu, hapana. Hapo mwenye haja kubwa aende kwa mkopo wa mtu binafsi. Grameen wenyewe, walipopanga upya mikopo yao miaka ya 2000, waliondoa sharti la wanachama kulipiana madeni.

Simu nayo iko katikati ya haya yote. Si wengi wanaojua kwamba M-Pesa, ilipojaribiwa kuanzia Oktoba 2005, ilikusudiwa wateja wa mikopo ya vikundi wa Faulu Kenya ili wapokee na kulipa mikopo bila kubeba pesa taslimu. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na ilipozinduliwa Machi 2007 huduma ilikuwa ya kutuma pesa. Lakini majaribio yale yalileta swali ambalo bado lipo: kama naweza kulipa nikiwa gengeni, naendea nini mkutano? Unaendea kuonana. Mtu anayeanza kukwama huonekana usoni wiki mbili tatu kabla marejesho hayajakatika, na meseji haina uso.

Kwa hivyo lipeni kwa simu, ila mkutano ubaki. Kila mwanachama atume moja kwa moja kwenye nambari ya Paybill ya mkopeshaji, na kwenye akaunti aandike nambari ya mkopo wake, si ya jirani. Msimtumie mweka hazina kwenye laini yake binafsi ati atume zote pamoja. Si kwamba ni mwizi. Pesa zikishaingia kwenye salio lake zinachanganyika na za unga na za karo, na mwenye kukopeshea simu anaweza kuzikata kabla hazijafika.

Mkutanoni kila mtu asome meseji yake kwa sauti: kiasi, tarehe, nambari ya muamala. Mwandishi aandike kitabuni. Mara moja kwa mwezi afisa wa mikopo alete taarifa ya kikundi iliyochapishwa, muilinganishe na kitabu mstari kwa mstari. Pakitofautiana shilingi 1,100, mtajua ni ya nani na ya wiki gani kabla chai haijapoa.